Leptop imepoteza alama ya waifai kabisa, hata Device Manager haionyeshi kadi. Ni draiva au kadi imekufa?

#1 Mtumba_Mpya
Wakuu salaam. Leptop ni ya inchi 14, Core i5 ya kizazi cha 11, Windows 11. Jana usiku nilifunga kifuniko waifai ikiwa inafanya kazi vizuri. Asubuhi nafungua, kona ya chini kulia alama ya waifai haipo, umebaki mchoro wa dunia wenye alama ya kukataza. Nikibonyeza pale, kitufe cha Wi-Fi hakipo. Kwenye Settings, Network & internet, mstari wa Wi-Fi nao haupo. Bluetooth pia imeondoka. Nimechagua Restart zaidi ya mara moja, hakuna kilichobadilika. Fundi wa mtaani hata kuifungua hakuifungua, kasema ni mazabodi na anataka niiache kwake. Kabla sijaiacha naomba maarifa.

#2 Kijukuu_cha_Bibi
Draiva hiyo mkuu. Ingia Device Manager, Network adapters, bonyeza kulia kwenye kadi ya waifai, Uninstall device, kisha Restart. Itajirudisha yenyewe.

#3 BintiPangani
Mkuu #2, mwenzio anasema kadi haionekani. Aondoe nini sasa, hewa?

#4 MzeeWaWaya
Mtumba, usiondoe wala usipakue chochote kwanza. Iulize Windows yenyewe inaona nini. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha andika hii:

```
netsh wlan show interfaces
```

Jibu lake ndilo linaamua unaelekea wapi. Ikisema `The Wireless AutoConfig Service (wlansvc) is not running.`, kadi yako inaweza kuwa nzima kabisa, ila huduma inayoisimamia waifai imelala. Hapo fungua cmd kwa Run as administrator uiamshe:

```
sc config wlansvc start= auto
net start wlansvc
```

Lazima uache nafasi baada ya alama ya sawasawa. Na iwe cmd kweli, maana kwenye PowerShell ya Windows neno `sc` lina maana nyingine na amri hiyo itagoma.

Ikisema `There is no wireless interface on the system.`, basi huduma inafanya kazi ila haina kadi ya kusimamia. Hapo nenda Device Manager, juu pale View, Show hidden devices, halafu fungua Network adapters. Tuambie kama kuna jina la kadi ya waifai limefifia, na ukibonyeza mara mbili sehemu ya Device status imeandika Code ngapi.

#5 mama_wawili
Hata mimi nina shida hiyo hiyo, alama ipo lakini imeandika No internet. Nifanye hizo amri?

#6 BintiPangani
Hapana dada. Yako kadi ipo na imeunganika, kisichopita ni intaneti. Angalia rauta au bando. Hapa wanatafuta kadi iliyopotea mazima.

#7 Mtumba_Mpya
Nimefanya kama Mzee alivyosema. Amri imejibu hiyo ya `There is no wireless interface`. Kwenye Device Manager, baada ya Show hidden devices, imetokea `Intel(R) Wi-Fi 6 AX201 160MHz` ikiwa imefifia. Status imeandika `Currently, this hardware device is not connected to the computer. (Code 45)`.

#8 MzeeWaWaya
Safi, hapo tumeshapata nusu ya jibu. Code 45 kwa kadi iliyo ndani ya mashine maana yake Windows inaikumbuka, draiva yake bado ipo, ila leptop ilipowaka na kuita vifaa vyake, kadi haikuitika. Ukiweka draiva mpya sasa hivi haitabadilisha kitu kwa sababu hakuna kifaa cha kuishikilia.

Kuondoka kwa Bluetooth kunatilia nguvu hilo. Waifai na Bluetooth ni kadi moja, lakini Windows inazihudumia kwa draiva mbili tofauti. Draiva ya waifai ikiharibika, Bluetooth kwa kawaida inabaki. Zikiondoka zote kwa mpigo, mtuhumiwa ni kadi yenyewe au umeme unaoifikia.

Kabla ya kulia, jaribu kuikatia umeme kabisa, maana kadi hizi huganda. Restart haiisaidii: mashine inaanza upya lakini umeme wa kadi haukatiki, kwa hiyo iliyoganda inabaki imeganda. Shut down ya kawaida nayo, kama Fast startup imewashwa, inahifadhi hali ya Windows badala ya kuizima yote. Na chaja ikiwa imechomekwa, kuna umeme kidogo unabaki kwenye mazabodi hata mashine ikiwa imezimwa.

Zima hivi:

```
shutdown /s /f /t 0
```

Ikishazima, chomoa chaja, flashi, kipanya na kila kilichochomekwa. Kama bateri inatoka, itoe. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 60 bila kuachia. Ikijiwasha katikati, endelea kushikilia hadi izime tena. Achia, iache dakika chache, rudisha chaja, washa.

Bateri kama iko ndani, baadhi ya mashine zinasikia kushikilia kitufe na nyingine hazisikii. ThinkPad nyingi zina tundu dogo chini la kuingiza pini, na kwenye BIOS yake kuna `Disable Built-in Battery` inayokata bateri hadi utakapochomeka chaja. Kwa mashine zisizo na kimojawapo, unafungua kifuniko cha chini na kuchomoa soketi ya bateri.

#9 Kijukuu_cha_Bibi
Mzee nakuheshimu, lakini yangu ilikuwa AX201 hiyo hiyo na ilipona kwa draiva. Nilifanya Roll Back Driver ikarudi, sikuchomoa kitu. Tusimtishe mtu na mambo ya kufungua leptop.

#10 fundi_bisibisi
Kijukuu, yako iliandika Code ngapi?

#11 Kijukuu_cha_Bibi
Code 10. `This device cannot start.` Alama ya mshangao ya njano.

#12 fundi_bisibisi
Basi hamzungumzii kitu kimoja. Code 10 kadi inaonekana ila imeshindwa kuanza. Hapo draiva inaweza kuwa ndiyo mkosaji, hasa kama Windows Update ilileta mpya usiku, na Roll Back ni hatua ya kwanza nzuri. Ila hata Code 10 ya AX201 mara nyingi inaisha kwa kukata umeme kama alivyoeleza Mzee #8, kwa hiyo huwezi kuapa kuwa kilichoponya ni draiva.

Na hiyo Uninstall uliyoshauri #2 ina mtego. Dirisha linalokuja lina kisanduku cha kutiki, kwenye Windows 11 kimeandikwa `Attempt to remove the driver for this device`. Ukitiki unafuta na faili za draiva. Ukiwasha tena, Windows ikikosa draiva nyingine akibani, umebaki bila waifai na bila njia ya kuipakua. Usitiki kabla hujashika draiva mkononi, na draiva iwe ya modeli yako kutoka tovuti ya aliyetengeneza leptop.

Asiye na intaneti kwenye leptop achomeke simu ya Android kwa waya wa USB, kwenye simu afungue mipangilio ya hotspot na awashe USB tethering. Windows 10 na 11 zinaitambua kama kadi ya mtandao bila kuweka chochote, na utatumia bando la simu au hata waifai ambayo simu imeshika. Waya uwe wa kupitisha data, si zile nyaya za kuchajia tu.

#13 Njugu_Mawe
Msihangaike wasee, kuna amri moja inarudisha waifai papo hapo. Fungua cmd kama admin:

```
netcfg -v -u dni_dne
```

Reboot, imekwisha.

#14 MzeeWaWaya
Njugu, hiyo amri inazunguka mtandaoni tangu 2015 Windows 10 ilipotoka. Ilikuwa ya watu waliopandisha mashine kutoka Windows 8.1 wakiwa na programu za VPN za zamani. Zile programu zilikuwa zimejibandika katikati ya mfumo wa mtandao kwa jina `dni_dne`, na Windows mpya ikakwama hapo. Kwa wao ilikuwa dawa ya kweli.

Ukitaka kujua kama inakuhusu, orodhesha kwanza:

```
netcfg -s n
```

Kama `dni_dne` haimo kwenye orodha, huna cha kuondoa. Mashine ya Mtumba yenye Code 45 haihusiki, kwa sababu VPN haiwezi kuifanya kadi isionekane na leptop nzima.

#15 Njugu_Mawe
Sawa Mzee, lakini kwangu ilifanya.

#16 BintiPangani
Na reboot uliyofanya baada yake je, haikufanya kitu? 😂

#17 Mtumba_Mpya
WAKUU IMERUDI! Sekunde 60, mara ya kwanza ilijiwasha nikaendelea kushikilia ikazima. Kuwasha, waifai na Bluetooth vyote vipo. Asante sana Mzee. Fundi na mazabodi yake atanisikia.

#18 Kijukuu_cha_Bibi
Fundi anadai hela ya ushauri 😂

#19 Shamba_la_Karafuu
Kwa watakaopita hapa baadaye, niongeze visa viwili visivyo vya kadi kufa. Kwenye Windows 10 mtu anaweza kuwa na intaneti lakini alama haipo tu kwenye upau. Hiyo ni Settings, Personalization, Taskbar, `Turn system icons on or off`, washa Network. Ikiwa imeshawashwa, anzisha upya Windows Explorer kupitia Task Manager.

Cha pili ni HP za ofisini, EliteBook na ProBook. BIOS zake nyingi zina kipengele `LAN/WLAN Auto Switching`. Kikiwa kimetikiwa, ukichomeka waya wa mtandao waifai inajizima, ukichomoa inarudi. Watu wananunua hizi mashine zikiwa zimetumika na hawajui aliyetangulia alipanga nini mle. BIOS ya HP unaingia kwa F10.

#20 Mtumba_Mpya
Wakuu narudi kinyonge. Imepotea tena, hali ni ile ile, Code 45. Nilifunga kifuniko mchana, nilipofungua jioni haipo. Nikiikatia umeme inarudi. Sasa nitashikilia kitufe hicho mpaka lini?

#21 MzeeWaWaya
Tulichofanya kilikuwa kuifufua, bado hatujajua kinachoiua. Umesema mara zote mbili ni baada ya kufunga kifuniko, kwa hiyo ninashuku usingizi. Andika `powercfg /a` kwenye cmd. Ukiona `Standby (S0 Low Power Idle)` kwenye orodha ya juu, leptop yako hailali usingizi mzito. Inabaki na uhai kidogo, na kadi ya waifai inazimwa na kuamshwa humo humo na draiva ikishirikiana na BIOS. Mmoja wao akikosea kuamsha, kadi inabaki imelala na mashine inahesabu kuwa haipo.

Watu watakwambia uende Device Manager, Power Management, utoe tiki ya `Allow the computer to turn off this device to save power`. Fanya kama unaiona, lakini kwenye mashine za S0 kichupo hicho mara nyingi hakipo kabisa.

Jaribio langu ni hili: acha Sleep, tumia Hibernate. Washa kwa `powercfg /h on` kwenye cmd ya admin, halafu Control Panel, Power Options, `Choose what closing the lid does`, weka Hibernate pande zote mbili, ya bateri na ya chaja. Hibernate inaandika kila kitu kwenye diski na kuzima. Kama kadi haipotei tena kwa muda wa kutosha, tatizo liko kwenye kuamka, na dawa yake ni BIOS mpya na draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa leptop. Ikipotea ukiwa unaitumia, nadharia yangu imekufa.

Angalia pia Event Viewer, Windows Logs, System. Tafuta mistari ambayo Source yake inaanza na `Netwtw`, hiyo ni draiva ya waifai ya Intel. Ilinganishe saa yake na saa kadi ilipopotea.

#22 fundi_bisibisi
Mimi siamini usingizi. Mashine ya kizazi cha 11 sasa ina miaka, imebebwa kwenye begi, imechajiwa juu ya kitanda. Kadi ya AX201 inayotoka ni kipande cha milimita 22 kwa 30, imeshikwa na skrubu moja. Skrubu ikilegea nusu mzunguko, kadi inainuka kidogo na mguso unakosekana. Mashine ikipata joto inatanuka, ikipoa inarudi. Ukifunga kifuniko inapoa. Kwa hiyo "kila nikifunga kifuniko" inaweza kuwa joto, isiwe usingizi.

#23 MzeeWaWaya
Mguso ukikosekana, kukata umeme kungeirudishaje kila mara? Kitufe hakikazi skrubu.

#24 fundi_bisibisi
Dakika zile za kusubiri nazo ni za kupoa, Mzee. Unabadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja kisha unamsifia kimoja.

#25 BintiPangani
Hapo Mzee kapatikana.

#26 Daftari_la_Karani
Kwa nini msitumie Ubuntu iwe mwamuzi? Unaandika kwenye flashi, unawasha leptop kwa flashi, unachagua Try Ubuntu, huweki chochote kwenye diski. Fungua Terminal:

```
lspci -nn | grep -i network
```

Mashine ya kizazi cha 11 yenye AX201 kawaida inaonyesha mstari wenye `[8086:a0f0]`. 8086 ni Intel. Ukiuona mstari, kadi ni nzima na Windows ndiyo ina shida. Usipouona, kadi imekufa. Bila ubishi.

#27 MzeeWaWaya
Jaribio zuri, hitimisho lako limekwenda mbali. Ukitoka Windows kwenda Ubuntu kwa Restart, umeme wa kadi haujakatika. Kama Windows ndiyo iliyoigandisha, Ubuntu nayo itaikuta imeganda na haitaiona. Kwa hiyo kutoonekana kwake kunathibitisha kwamba Windows haijaificha tu, lakini hakuthibitishi kwamba kadi imekufa.

Upande wenye nguvu ni mwingine. Irudishe kadi kwa kukata umeme, ingia Ubuntu moja kwa moja, uitumie humo kutwa, uifunge na kuifungua. Ikipotea ukiwa Ubuntu, draiva ya Windows imeachiwa huru, na mimi nitampa fundi bisibisi yake.

#28 Daftari_la_Karani
Nakubali. Basi aongeze na `sudo dmesg | grep iwlwifi` ikipotea. Linux inaandika ilipoteza kadi vipi, Windows haisemi sana.

#29 Mchuuzi_Online
Mnamzungusha bure. Anunue AX201 nyingine abadilishe. Soketi ni M.2, zote zinaingiliana, hata kwenye mashine za AMD.

#30 fundi_bisibisi
Kuingia itaingia, kuwaka ni jambo jingine. AX201 ni nusu ya kadi: sehemu kubwa ya kazi yake iko ndani ya prosesa au chipseti ya Intel, kadi yenyewe imebaki na upande wa redio. Kwa AMD itakaa kwenye soketi kama pambo. Hata kwa Intel za zamani ambazo hazina nusu hiyo nyingine haifanyi kazi. Anayetaka kadi kamili inayojitegemea atafute AX200 au AX210. Lakini hizo nazo zinahitaji soketi yenye njia za PCIe, na kuna leptop ambazo aliyetengeneza aliunganisha njia ya AX201 tu. Kwa hiyo kabla ya kununua, soma mwongozo wa huduma wa modeli yako uone kadi zipi zimeorodheshwa.

Kwa mashine za zamani zaidi kuna kikwazo cha BIOS. ThinkPad za enzi hizo ukiweka kadi isiyo kwenye orodha yake zinagoma kuwaka na kuonyesha kosa 1802. HP nazo zilikuwa na `104-Unsupported wireless network device detected`. Za sasa wengi wameacha, ila ukinunua mtumba wa zamani kumbuka.

#31 Mchuuzi_Online
Sawa, AX210 ninazo, karibuni PM.

#32 BintiPangani
Kumbe 😂

#33 mama_wawili
Mimi bando lilikuwa limeisha. Asante dada.

#34 Mtumba_Mpya
Ripoti. `powercfg /a` imeonyesha S0 kama Mzee alivyotabiri. Nimetumia Hibernate, na kadi imekuwa ikirudi kila nikifungua. Nikaanza kusema Mzee ameshinda. Leo asubuhi natumia, sijafunga kitu, nikainua leptop kwa kona moja kuihamishia meza nyingine, waifai ikakatika na alama ikaondoka palepale. Event Viewer ina mistari ya `Netwtw10` dakika hiyo hiyo, mingi. Nikaikatia umeme, imerudi.

#35 fundi_bisibisi
Sina la kuongeza 😎

#36 MzeeWaWaya
Kuinuliwa kwa kona ni ushahidi mzito, sikatai. Lakini mistari ya `Netwtw10` itaandikwa kadi ikiganda na itaandikwa kadi ikichomoka, haimchagui mtu. Na Hibernate ilifanya kazi muda wote huo bila kosa. Yanaweza kuwa mawili kwa pamoja. BIOS umeshaweka mpya?

#37 Mtumba_Mpya
Bado. Naogopa umeme kukatika katikati.

#38 MzeeWaWaya
Hofu yako ni halali. Bateri ijae, chaja iwe imechomekwa, mashine nyingi zinagoma kuanza bila hivyo viwili. Umeme wa ukutani ukikatika bateri inabeba. Ila kabla ya yote, kama diski yako imefungwa na BitLocker, chukua ufunguo wa kurejesha uuweke nje ya leptop hiyo. BIOS ikibadilika, Windows inaweza kuudai ikiwaka, na bila ufunguo huo faili zako huzioni tena.

#39 Shamba_la_Karafuu
Wakati mnabishana, si achomeke tu adapta ya waifai ya USB? Ndogo kama kucha.

#40 Daftari_la_Karani
Kama tiba ya muda inafaa. Ila vile vidogo vya bei ya chini vingi ni 2.4 GHz tu. Rauta yake ikiwa na jina la mtandao la 5 GHz peke yake, hataliona na atarudi hapa kufungua uzi mwingine. Na baadhi vikichomekwa mara ya kwanza vinajitambulisha kama diski yenye draiva ndani. Fungua hiyo diski, weka draiva, ndipo kinageuka kuwa adapta.

#41 Kijukuu_cha_Bibi
Mimi bado nasema ajaribu Roll Back.

#42 BintiPangani
Kijukuu apewe tuzo ya msimamo.

#43 Mtumba_Mpya
Jumamosi naifungua mwenyewe. fundi_bisibisi nipe maelekezo ya kutoiharibu. Mzee, BIOS nitaweka baadaye ili nisichanganye mambo mawili kwa siku moja.

#44 fundi_bisibisi
Zima kwa ile amri ya #8, chomoa chaja. Skrubu za chini zipange kwenye karatasi kwa nafasi zake, maana zinaweza kuwa na urefu tofauti, na ndefu ikiingia pa fupi inatoboa sehemu ya kuwekea mikono. Kifuniko kikitoka, kitu cha kwanza ni kuchomoa soketi ya bateri. Shika plastiki yake, usivute nyaya.

Kisha soma lebo ya kadi. Ikiwa AX201NGW, ni ya kutoka. Ikiwa AX201D2W, imechomelewa kwenye mazabodi, hakuna skrubu wala soketi. Hapo usiguse kitu, funga, na fundi wako wa mtaani atakuwa alikisia vizuri japo hakuifungua.

Kama ni NGW, kabla ya kutoa antena piga picha, maana kuna nyaya mbili na kila moja ina mahali pake. Vichwa vyake ni vidogo mno, vinatoka kwa kuinuliwa juu wima kwa kucha au kibano cha plastiki. Ukivivuta kwa pembeni, unang'oa duara la dhahabu kwenye kadi na kadi imekwisha. Toa skrubu, kadi itainuka yenyewe kwa pembe, ivute nje. Futa meno yake kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, iache ikauke, irudishe hadi mstari wa dhahabu usionekane, kaza skrubu ikae bapa bila kutumia nguvu. Antena zinarudi kwa kubonyezwa juu, utasikia mlio mdogo. Zikigoma, hujazilenga. Usisukume.

Na uangalie skrubu ile ilikuwa imelegea au la kabla hujaigusa. Mzee na mimi tunasubiri hilo.

#45 MzeeWaWaya
Na uikute imekaza, fundi, utasema joto.

#46 fundi_bisibisi
Nitasema soketi.

#47 Njugu_Mawe
Wakuu, kuna mtu amejaribu AX210 kwenye leptop ya kizazi cha 8 iliyokuja na 9560? Mchuuzi anasema inakubali.